Reti na Renti: Kabla Utume Doo kwa Kanju, Piga Hii Hesabu Kwanza

Kila mwaka ukianza, kuna bili mbili zinafuata mtu mwenye nyumba Nairobi. Ya kwanza ni ya kanju, ya pili ni ya Wizara ya Ardhi. Wengi hulipa tu ile namba iko kwenye skrini ndio wasisumbuliwe. Wengine huikimbia miaka tano, halafu siku wanataka kuuza ndio wanapata deni imenona kuliko ng'ombe ya Krismasi.

Na usiseme hii ni story ya wazee. Kama wewe ndio mtoto mwenye simu poa kwa familia, ni wewe mathee atatumia picha ya bili akuulize, "Angalia hii kitu, ni ya ukweli?" Kama unachangishana na mabeshte mnunue ploti, deni ya mwenye aliuza inaweza kuwa yako bila kujua. Na kaunti siku hizi haichezi. Nairobi imekuwa ikifunga majengo ya wenye wanadaiwa reti, na tangu Desemba 2024 kuna sheria mpya ya nchi nzima, National Rating Act, ambayo ilichukua nafasi ya zile sheria mbili za kitambo za kuthamini ploti na kutoza reti.

Habari njema ni kwamba hii hesabu si ya maprofesa. Ni kuzidisha na kujumlisha. Ukijua kila laini inatoka wapi, utaona kitu moja haraka sana: mara nyingi shida haiko kwa charge ya mwaka huu. Iko kwa ile laini inasema ulibaki na deni ya mwaka jana.

Wadosi wawili, deni mbili

Wacha tutenganishe kwanza, juu majina yanafanana na watu huchanganya kila siku.

Reti, ile imeandikwa Land Rates kwenye bili, ni ya kaunti. Katiba, Kifungu cha 209, ndio inapea kaunti nguvu ya kutoza. Kila mwenye ploti ndani ya eneo la reti analipa, hata kama taito yake ni ya milele. Nairobi unaicheki na kuilipa kwa mtandao wa kaunti, Nairobi Pay.

Renti ya ardhi, ile imeandikwa Land Rent, ni ya serikali kuu. Hii analipa mtu mwenye ardhi ya kukodishwa na serikali, kwa mfano ile ya miaka 99. Ploti za Nairobi ziko kwa Ardhisasa, mfumo wa Wizara ulioanza Aprili 2021. Kama ardhi yako ni ya umiliki kamili, ile watu huita frihodi, hakuna renti unadaiwa. Ukiona bili ya renti kwa ploti kama hiyo, hapo tayari kuna kitu haiko sawa.

Utajuaje yako ni gani? Usisome jina la juu peke yake, juu taito za kitambo zina majina mengi. Fungua ndani utafute vitu viwili: muda wa miaka na kiasi cha renti kwa mwaka. Ukipata zote mbili, wewe ni mpangaji wa serikali na lazima ulipe. Ukikosa zote mbili na imeandikwa umiliki kamili, huna deni ya renti.

Kumbuka pia kwamba kulipa moja hakufuti ingine. Kuna watu wamelipa reti kila Januari kwa miaka kumi, wakaenda kuuza, wakapata hawajawahi kulipa renti hata siku moja.

Namba ya ploti: hapa ndio watu huangukia

Kabla ucheki pesa, cheki namba. Linganisha namba ya ploti kwenye bili na ile iko kwa taito, herufi kwa herufi, pamoja na kila mkwaju na kila sifuri.

Kwa Nairobi hii ina sababu ya ziada. Ploti nyingi zilikuwa na namba za aina ya L.R. No., halafu Wizara ikaanza kuzibadilisha kuwa namba za bloku, zile zinaanza na Nairobi/Block. Sasa unaweza kuwa na taito mpya yenye namba ya bloku, na kaunti bado inakujua kwa namba ya kitambo. Ukilipa kwa namba moja na deni iko kwa ingine, pesa imeenda lakini deni imebaki palepale, na riba inaendelea kupanda. Dawa yake ni kuandikia kaunti barua, uambatanishe kopi ya taito ya zamani na mpya, uombe akaunti ziunganishwe. Usilipe mara mbili ukitumaini watajirekebisha wenyewe.

Kuna kitu ingine kwa wale walinunua nyumba kwa esteti. Esteti yako ilikuwa ploti moja kubwa kabla ikatwe vipande. Kila kipande kikipata taito yake, ile ploti mama inafaa kufungwa kwa rekodi za kaunti. Isipofungwa, ploti mama inaendelea kutozwa na vipande pia vinatozwa, so ardhi moja inalipiwa mara mbili. Ukisikia chama cha esteti kinachangisha reti na wewe tayari uko na bili yako ya kaunti, uliza hiyo mchango ni ya namba gani.

Na kama unaishi gorofani kwa nyumba yako mwenyewe, angalia kama jengo lilibadilishwa kuwa taito za vitengo chini ya Sheria ya 2020. Kama lilibadilishwa, kitengo chako kina taito yake na bili yake. Kama bado, bili inakuja kwa ploti nzima na kampuni ya kusimamia jengo inagawanya. Hapo mwombe meneja vitu viwili: bili yenyewe na risiti ya kaunti. Akikupa Excel ya mgao tu, hujui kama ile pesa ilifika.

Charge ya mwaka huu inatoka wapi

Reti ya Nairobi inahesabiwa na vitu viwili tu: thamani ya ardhi yako kwenye daftari la uthamini, na asilimia ambayo kaunti imeweka.

Hapa kuna kitu watu wengi hawajui. Nairobi imekuwa ikitoza kwa thamani ya ardhi tupu. Si nyumba. Ukiongeza gorofa au uweke vigae vya Italia, thamani ya ardhi kwa daftari haibadiliki kwa sababu hiyo. Ndio maana jirani mwenye mabati na wewe mwenye maisoneti mnaweza kulipa sawa, kama ploti zenu zinalingana kwa ukubwa, mahali na matumizi.

Kwa miaka mingi kaunti ilitumia daftari la 1980 na asilimia 34. Ilionekana kubwa, lakini ilikuwa 34 ya bei ya ardhi ya 1980, wakati ploti ilikuwa bei ya bodaboda ya leo. Sheria ya kitambo ilitaka daftari jipya angalau kila miaka kumi, lakini hilo la 1980 lilikaa karibu miaka 40. Baadaye kaunti ikahamia daftari la 2019 na asilimia 0.115 ya thamani mpya. Asilimia ilishuka sana juu thamani ilipanda sana.

Tuone na namba za kutunga. Tuseme ploti yako ilikuwa shilingi 27,000 kwa daftari la 1980. Asilimia 34 ya hiyo ni 9,180. Tuseme daftari jipya linasema ni milioni 8. Chukua simu, piga 8,000,000 mara 0.115, gawa kwa 100. Unapata 9,200. Ni karibu sawa. Lakini ploti ingine yenye ilikuwa pia 27,000 mwaka wa 1980, iko mahali lami na magorofa yalifika, inaweza kuwa milioni 30 leo. Hiyo italipa 34,500. Hapo mwenyewe atapiga nduru "wametuibia" na kumbe asilimia ni ileile, ni thamani ndio iliruka.

So ukiona bili imeruka, swali la kwanza ni: thamani ya ploti yangu kwa daftari ni ngapi? Daftari la uthamini ni rekodi ya umma, una haki ya kuangalia laini yako kwa ofisi ya uthamini ya kaunti. Angalia ukubwa ulioandikwa, matumizi yaliyoandikwa na thamani. Nyumba ya kuishi ikiandikwa kama biashara, au robo ekari ikiandikwa nusu, hiyo ni makosa ya rekodi na unaweza kuomba isahihishwe ukiwa na taito na ramani.

Lakini kama ukubwa ni sawa, matumizi ni sawa, na wewe unaona tu thamani iko juu, hiyo ni vita ingine. Dada wa kaunta hawezi kukushushia. Pingamizi ya thamani inapelekwa daftari likichapishwa, na muda huwa mfupi. Kwa sheria ya zamani ilikuwa siku 28. Sheria mpya imeunda baraza maalum la kusikiza hizo kesi, National Rating Tribunal. Kwa hivyo kaunti ikitangaza daftari jipya, hiyo ndio wiki ya kuchanuka, si miaka mitatu baadaye.

Pia, usichukue asilimia ya Nairobi uipeleke Kiambu au Machakos. Kila kaunti ina yake, na kuna kaunti zinatoza kwa ukubwa wa ploti badala ya thamani. Asilimia ya mwaka wako iko kwa notisi na sheria ya fedha ya kaunti yako.

Ile laini ya deni: hesabu kamili

Sasa tufike kwa nyama. Tuchukue ile ploti ya milioni 8, reti 9,200 kwa mwaka. Tuseme mwisho wa kulipa ni Machi 31 kila mwaka, na ukichelewa riba ni asilimia 3 kwa mwezi, riba ya kawaida, si ya kupanda juu ya riba. Uko mwisho wa Januari 2026, bili inasema hivi:

Reti ya 2026: 9,200
Deni ya nyuma: 18,400
Riba: 8,832
Jumla: 36,432

Mtu wa haraka anaona 36,432, analia, anatafuta lipa mdogo mdogo. Wewe unavunjavunja.

Anza na deni ya nyuma. 18,400 gawa kwa 9,200 ni 2. Kumaanisha mfumo unasema hukulipa miaka miwili, 2024 na 2025. Sasa ingia kwa meseji na risiti zako. Kumbe 2025 kweli ulisahau. Lakini 2024 ulilipa Februari, 9,200, na risiti iko.

Sasa riba. Asilimia 3 ya 9,200 ni 276 kwa mwezi. Deni ya 2025 imechelewa kuanzia Aprili 2025 hadi Januari 2026, miezi 10. Hiyo ni 2,760. Deni ya 2024, ile hukufaa kudaiwa, imehesabiwa kutoka Aprili 2024 hadi Januari 2026, miezi 22. Hiyo ni 6,072. Ukijumlisha zote mbili unapata 8,832, ile namba ya bili kabisa. Hapo umejua hawakutunga riba. Waliihesabu vizuri, lakini juu ya deni ambayo haipo.

Bili ya ukweli ni 9,200 ya mwaka huu, 9,200 ya 2025, na riba 2,760. Jumla 21,160. Tofauti ni 15,272. Makosa ya risiti moja ya 9,200 yameshazaa ngiri sita za riba, na yangeendelea kuongeza 276 kila mwezi.

Ukitumia njia hii unaweza pia kugundua aina ya riba. Tukichukua hiyo deni ya 2025 peke yake, miezi 10, riba ya kawaida ni 2,760. Ikiwa imehesabiwa kwa kupandisha riba juu ya riba, ingekuwa karibu 3,164. Ukipata namba ya pili na sheria inasema riba ya kawaida, uko na hoja. Asilimia yenyewe na tarehe ya mwisho usizikisie, zitoe kwa notisi ya mwaka husika.

Kuna wakati mwingine wa kucheki riba: msamaha. Nairobi imewahi kutangaza kusamehe riba na faini kwa wenye watalipa deni yenyewe ndani ya muda fulani. Kama ulilipa ndani ya hiyo dirisha, bili inayofuata haifai kuwa na ile riba. Na soma tangazo vizuri: husamehewa riba, si reti yenyewe.

Renti ya Wizara: linganisha na karatasi yako

Kwa renti hakuna asilimia ya kuzidisha kila mwaka. Kiasi kimeandikwa kwenye hati yako ya ukodishaji. Kama imeandikwa 3,600 kwa mwaka, invoisi ya mwaka mmoja ni 3,600.

Ardhisasa ikionyesha 6,000, kuna sababu chache za halali. Hati nyingi zinasema renti inaweza kupitiwa upya baada ya muda. Pia inaweza kubadilika kama mwenye ploti aliomba kubadilisha matumizi, kwa mfano kutoka nyumba ya kuishi hadi ofisi, au aliongeza muda wa ukodishaji. Yote hayo huacha karatasi nyuma. So uliza moja kwa moja: renti ilibadilishwa lini, na barua iko wapi? Kama hakuna barua wala masharti mapya, omba irudishwe kwa kiasi cha hati.

Halafu angalia mwaka ambao deni inaanzia. Renti haianzi siku ulinunua, inafuata ardhi. Ukinunua 2022 na mwenye aliuza hakulipa tangu 2018, miaka minne yake inakuwa kwa akaunti ya ploti yako: 3,600 mara 4, yaani 14,400 kabla ya riba. Wizara haitamtafuta huyo msee ocha. Itakuuliza wewe. Ndio maana kabla utoe pesa ya kununua, unaomba cheti cha kutodaiwa reti na cheti cha kutodaiwa renti, zote mbili, na unasoma tarehe. Cheti cha miaka miwili iliyopita hakikwambii kitu kuhusu leo.

Ukipata makosa, fanya hivi

Kwanza, omba stetmenti ya akaunti, si bili. Bili inakupa jumla. Stetmenti inaonyesha kila mwaka ulitozwa ngapi, kila malipo yaliingia lini, na riba ilianza wapi. Hapo ndio utaona kama ile 9,200 ya 2024 haikuingia kabisa ama iliingia kwa ploti ya mtu mwingine.

Pili, tafuta meseji ya M-Pesa ya hiyo siku na uangalie namba ya akaunti uliyoandika. Meseji inaonyesha pesa ilitoka kwako, lakini haionyeshi iliwekwa kwa ploti gani ukikosea namba. Ukipata ulikosea tarakimu moja, usianze na kelele. Andika ombi la kuhamisha malipo, uweke kodi ya muamala, tarehe, kiasi, namba mbaya na namba sahihi.

Tatu, lipa ile sehemu hubishi. Kwa mfano wetu, hiyo ni 21,160. Ukikataa kulipa yote juu ya 15,272 unayobishania, riba itaendelea kula hata ile deni ya ukweli, na wewe ndio utapoteza. Lakini cheki pesa imewekwa wapi, juu mfumo unaweza kuanza kumeza deni ya zamani kwanza. Kwa barua yako sema wazi: hii ni ya 2026, hii ni ya 2025 na riba yake, na 2024 tayari ililipwa, risiti iko hapa.

Nne, peleka barua kwa mkono ama kwa barua pepe rasmi. Ukipeleka kwa mkono, beba kopi mbili, moja igongwe muhuri na tarehe urudi nayo. Maneno ya mdomo kwa kaunta hayapo kwa faili. Na mtu akikwambia atakusortia ukimtumia kakitu kwa namba yake, jua hiyo pesa haitaingia kwa stetmenti yoyote.

Baada ya kurekebishwa, ngoja stetmenti mpya uisome tena kutoka juu: namba ya ploti, thamani, charge ya mwaka, malipo, deni, riba. Ikisoma sifuri, chukua cheti cha kutodaiwa siku hiyohiyo. Tengeneza folda moja kwa simu na moja ya karatasi nyumbani, uweke risiti za miaka yote, hata zile mathee alilipa kwa benki kitambo. Siku mfumo utahamishwa tena kutoka kompyuta moja hadi ingine na 2024 ipotee tena, hiyo folda ndio itakuokolea 15,272.